Watazamaji Wasiofika Katika Hesabu

Mada iliyotolewa na Tume ya Haki na Amani ya Parokia mbele ya Halmashauri ya Walei na wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Waheshimiwa viongozi wa walei, ndugu wapendwa, mwezi huu Halmashauri itaamua kama fedha za vipindi vyetu vya video ziendelee kutolewa, au zielekezwe kwingine. Hoja inayotolewa ni kwamba vigango vya mbali havitazami. Hoja hiyo imetoka katika taarifa ya chaneli yetu ya YouTube, ambayo inaonyesha watu wa mjini wakitazama kwa muda mrefu na watu wa vijijini wakifungua na kuacha baada ya dakika mbili tatu. Sisi wa Tume hatusemi kwamba taarifa hiyo ni ya uongo. Tunasema kwamba inahesabu aina moja ya utazamaji, na kwamba aina inayoachwa nje ndiyo inayotumika zaidi mahali ambapo mtandao ni hafifu.

Tuanze na namna hesabu yenyewe inavyofanyika. Mtu anapotazama video moja kwa moja kutoka mtandaoni, simu yake haipokei tu picha na sauti, bali kila baada ya muda mfupi hutuma ujumbe mdogo kwenda kwenye kompyuta za kampuni, kueleza kwamba video fulani inachezwa na imefika dakika fulani. Jumbe hizo zikikusanywa ndipo tunapata idadi ya waliotazama, jumla ya muda wa kutazama, na ule mchoro unaoonyesha watu waliacha video katika dakika ipi. Mtazamaji hajazi fomu yoyote. Hesabu yote hutegemea jumbe hizo kufika.

Sasa tumfikirie yule aliyepakua. Ikiwa amepakua ndani ya programu ya YouTube yenyewe, jambo ambalo huruhusiwa kwa kadiri ya nchi na ya malipo, video hukaa katika simu yake ikiwa imefungwa, na huweza kuchezwa na programu hiyo peke yake. Kupakua si kutazama, wala hakuhesabiwi kuwa kutazama. Akiicheza nje ya mtandao, programu huandika habari hiyo katika daftari lake la ndani ya simu, na simu inaporudi hewani ndipo daftari husomwa na kuingizwa katika hesabu. Ruhusa ya kukaa bila kurudi hewani ina kikomo: kwa kawaida ni siku 29, na katika baadhi ya nchi video nyingine hupewa saa 48 tu. Kikomo kikipita, video hujifunga mpaka mtu aunganishe tena simu na mtandao.

Hapo ndipo upotevu wa kwanza unapotokea. Mtu mwenye simu ndogo iliyojaa picha huifuta programu ili apate nafasi, na daftari lile hufutika pamoja nayo kabla halijasomwa. Mwingine simu humharibikia au kuuzwa. Tena hata daftari linapofika salama, mahali alipo mtazamaji hukisiwa kwa anwani ya mtandao, na kwa kuwa kampuni za simu hupitisha wateja wao wengi katika milango michache, mtu wa kijijini mara nyingi huandikwa kuwa yuko jiji kuu.

Hata hivyo upotevu huo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa pili. Ninyi mnajua vizuri kuliko sisi jinsi video zinavyosafiri katika vigango. Kijana huenda mnadani siku ya gulio, hulipa kidogo kwa mwenye duka la kompyuta, naye humwekea video katika kadi ya kumbukumbu. Duka hilo halikupakua kwa njia ya programu yenye daftari; lilichukua faili lenyewe kwa programu nyingine, kinyume cha masharti ya YouTube, na faili likishatoka humo halina tena mtu wa kulihesabu. Hutoka kadi hadi kadi, huingia katika WhatsApp, huonyeshwa katika kibanda umiza kati ya mechi mbili za mpira. WhatsApp huonyesha alama kwamba faili limefika, lakini haimwambii mtumaji kama lilichezwa, wala lilichezwa hadi dakika ya ngapi. Na simu moja iliyoegemezwa kwenye mtungi ikizungukwa na familia ya watu sita ni mtazamaji mmoja, kama imehesabiwa kabisa.

Sababu ya njia hizo si uvivu wala ujanja. Video yetu ya dakika 24, kwa picha ya wastani ya 360p, huchukua takriban MB 100. Mtu anunuaye bando dogo la siku hawezi kuimaliza yote kwa kipindi kimoja, nyumba nzima ikabaki bila mawasiliano. Kampuni yenyewe iliwahi kulitambua hilo. Mwaka 2016 ilitangaza programu nyepesi iitwayo YouTube Go, ikaanza India, na mwaka 2018 ikaenezwa katika nchi zaidi ya 130. Iliruhusu watu wawili kupitishiana video simu kwa simu, papo hapo, bila kuipakua upya. Ilifungwa Agosti 2022. Tunasikitika kidogo kwa hilo, kwani ilikuwa karibu na desturi ya watu wetu kuliko yoyote iliyoifuata.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu hizi tumezitunga ili mfano uwe mwepesi, lakini mwendo wake ni ule ule tunaouona.

Tuseme mjini watu 100 walitazama moja kwa moja, kila mmoja kwa wastani wa dakika 15. Hizo ni dakika 1,500, na zote zimo katika taarifa. Katika kigango cha bondeni watu 60 waliifungua video, wakatazama dakika 2, picha ikakwama, wakaacha. Hizo ni dakika 120, nazo zimo. Vijana 5 wa kigango hicho hicho waliipakua ndani ya programu na kuitazama yote. Watatu walirudi hewani kwa wakati, wawili waliifuta programu. Zikaongezeka dakika 72. Kwa hiyo taarifa itasema kwamba bondeni kulikuwa na utazamaji 63, wenye dakika 192, yaani wastani wa dakika 3 kwa mtu. Asomaye atahitimisha kwamba watu wa bondeni hawaipendi video hiyo.

Lakini kadi 20 zenye faili lile ziliingia katika nyumba 20, na kila nyumba watu wanne walikaa wakatazama hadi mwisho. Hao ni watu 80, na dakika 1,920. Zikijumlishwa na dakika 120 za wale waliokwama, na dakika 120 za wale vijana watano, bondeni kulitazamwa dakika 2,160, ambazo ni nyingi kuliko za mjini. Taarifa imeonyesha 192.

Tunaomba mlitazame jambo moja hapa kwa makini, kwa sababu ndilo kiini cha maneno yetu. Kama hesabu ingepungua kwa usawa, kila mahali kwa kiasi kile kile, tungeweza bado kulinganisha kigango na kigango. Haipungui hivyo. Mtu wa mtandao mzuri huacha alama ya utazamaji wake wote. Mtu wa mtandao mbovu huacha alama ya kushindwa kwake tu, yaani zile dakika mbili kabla picha haijakwama. Kisha jioni anapoitazama yote kutoka kwenye kadi ya jirani, hakuna kinachoandikwa. Hivyo hukosewa mara mbili: utazamaji wake kamili haumo, na wastani wake mdogo umo, nao unasomwa kama kukosa hamu.

Na video yenyewe inahusu nini? Inaeleza haki ya mjane katika shamba aliloachiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki halali wa ardhi, na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Namna ya kulifikia baraza hilo imeelezwa kuanzia dakika ya 20. Mtu akisema kwamba bondeni hakuna afikaye dakika ya 20, anasema kwamba wajane wa bondeni hawakuelezwa, na kwamba hakuna haja ya kuendelea kuwaeleza.

Zipo dalili ambazo kwazo mtu aweza kuutambua upungufu huu katika taarifa yenyewe. Mchoro wa kuacha video ukishuka ghafla katika dakika za mwanzo kwa watazamaji wa simu, huku wale waliobaki wakiendelea hadi mwisho, hiyo huelekea kuwa kukwama kuliko kuchoshwa, kwani mtu aliyechoshwa huacha popote. Utazamaji unaoingia siku nyingi baada ya video kutolewa, tena ukijazana baada ya siku za gulio, huenda ni madaftari ya simu yaliyochelewa kusomwa. Dalili iliyo bora zaidi ni ile tunayoiweka wenyewe: namba ya simu inayosomwa katika dakika ya 22 na isiyoandikwa mahali pengine popote. Kila apigaye alifika hapo, au aliambiwa na aliyefika, na tukimwuliza atokako, tutapata vijiji ambavyo taarifa haivitaji kabisa.

Lakini tusije tukaanguka upande wa pili. Kadi iliyotolewa si kadi iliyotazamwa. Wanaohesabu vipindi vya sauti vya kupakuliwa hukumbana na kosa hilo: wao huhesabu faili lililopakuliwa, hata kama halikusikilizwa kamwe. Nasi tukisema kadi 20 mara watu wanne bila kuuliza mtu, tutakuwa tumeandika matumaini yetu. Aidha mtu mmoja huweza kuipata video kwa kadi na kwa WhatsApp, akahesabiwa mara mbili.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba Halmashauri isifanye uamuzi kwa taarifa ya chaneli peke yake. Kila jumuiya iandike katika daftari kadi ilizotoa na nyumba zilizopewa. Baada ya wiki tatu, nyumba kumi zichaguliwe kwa kura, si kwa urafiki, zitembelewe na watu wawili wasiotoka katika jumuiya hiyo. Yaulizwe maswali matatu tu: video ilichezwa au la, walikuwapo watu wangapi, na mtu aendaye kwenye baraza la kijiji aanzie wapi. Swali la tatu hujibiwa na yule aliyefika mwisho. Majibu ya nyumba kumi hayatatupa tarakimu kamili ya kigango, ila yatatosha kuonyesha kama wale watu wa dakika tatu ni watu wa dakika tatu kweli.

Kazi hiyo haihitaji fedha mpya isipokuwa nauli za kwenda bondeni na kurudi. Madaftari yako kwa katibu wa Tume, na wenyeviti wanaweza kuyachukua leo kabla ya kuondoka.