Sauti ya Daktari, Saa ya Kiingereza



Nitazungumza juu ya video moja tu. Ina dakika sita, na inaeleza namna ya kumpa mtoto dawa mseto ya malaria, ile tunayoiita ALu. Aliyeitengeneza ni kijana niliyewahi kumfundisha, mwenye nia njema na bidii. Alinijia ofisini akiwa amenyong'onyea, kwa sababu daktari mmoja mzee alikuwa amempigia simu kwa hasira. Sauti iliyokuwa ikisikika kwenye video ilikuwa ya daktari huyo, na maneno yale hakuyasema.

Niliiangalia video mara ya kwanza, nikaiangalia mara ya pili. Suala la sauti lilikuwa zito, lakini kadiri nilivyosikiliza niliona mambo mawili mengine yaliyonitia hofu zaidi, na yote mawili yalitoka mahali ambapo kanuni za majukwaa hazimwulizi mtengenezaji chochote.

Tuanze na kanuni zenyewe. Mnamo Machi 2024 YouTube ilianza kumtaka kila anayepakia video ajibu swali linaloonekana chini ya maneno Altered content. Anaulizwa kama video inamwonyesha mtu halisi akisema au akitenda jambo ambalo hakulisema wala kulitenda, kama picha za tukio au mahali halisi zimebadilishwa, au kama kuna tukio linaloonekana la kweli ambalo halikutokea kamwe. Akijibu ndiyo, mtazamaji huwekewa lebo, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye maelezo ya video. Mada zikiwa nyeti, kama vile afya, habari, uchaguzi au fedha, lebo inaweza kuwekwa juu ya video yenyewe ili ionekane wazi zaidi.

Kipimo hapo ni kama mtazamaji anaweza kudanganyika akadhani anachokiona au kukisikia kilitokea kweli. Chombo kilichotumika si hoja. Ndiyo maana katuni haihitaji kutangazwa, wala kurekebisha rangi na mwanga. Kutumia akili mnemba kuandika skripti, kutafuta mawazo au kutengeneza manukuu nako hakuhitaji kutangazwa. Hiyo ni kazi ya nyuma ya pazia, na jukwaa limeamua kwamba mtazamaji hana haja ya kuambiwa.

Uamuzi huo una mantiki. Meta walijaribu njia nyingine mwaka huohuo wa 2024, wakawa wanabandika lebo ya Made with AI kila walipokuta ndani ya faili alama kwamba chombo cha akili mnemba kimetumika. Wapiga picha wakalalamika, kwa kuwa picha halisi iliyofutwa doa dogo ilipewa lebo ileile ya picha ya kubuni. Haikupita miezi mingi, Julai lebo ikabadilishwa ikawa AI info. Kupima kwa chombo kunamchafulia jina mtu mwaminifu. Kwa hiyo nakubaliana na YouTube kwamba tupime kwa udanganyifu. Ninachotaka mkione ni kile kinachopenya kwenye kipimo hicho pale lugha inapokuwa Kiswahili.

Kijana wetu alianza na skripti. Alikipa chombo cha akili mnemba maelekezo kwa Kiswahili, na kikamwandikia kwa Kiswahili kizuri tu, hata mimi nilikisifu. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Mpe mtoto dozi ya kwanza saa 8:00 asubuhi na dozi ya pili saa 4:00 jioni." Kitaalamu mpango ni sahihi, kwani dozi ya pili ya ALu hutolewa saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha dawa huendelea asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, idadi ya vidonge ikitegemea uzito wa mtoto. Lakini tarakimu zile ni za saa ya Kiingereza, zilizovikwa maneno asubuhi na jioni. Kwetu ilipaswa kuwa saa mbili asubuhi na saa kumi jioni.

Machoni kosa hilo halikumshtua. Sote tumezoea kuona 8:00 kwenye simu na kusoma saa mbili. Chombo cha sauti hakina mazoea hayo. Kilipopewa skripti kikasoma kilichoandikwa: "saa nane kamili asubuhi," na baadaye, "saa nne kamili jioni."

Sasa mfikirieni mama aliyempeleka mtoto zahanati saa mbili asubuhi, akampa dozi ya kwanza palepale kama alivyoelekezwa na mhudumu. Anafungua video ajikumbushe ya pili. Anasikia saa nne jioni. Hakuna saa nne ya jioni, kwa hiyo anaelewa saa nne usiku. Anasubiri saa kumi na nne badala ya saa nane. Mama huyo hakukosea popote, kwani alisikiliza Kiswahili kama Kiswahili.

Tiba yake ni nyepesi mno hata inaumiza kuitaja. Skripti inayokwenda kusomwa na mashine isiwe na tarakimu hata moja. Saa iandikwe kwa maneno, vidonge viandikwe kwa maneno, bei iandikwe kwa maneno, kisha mtu asiyeijua mada asomewe kwa sauti na aulizwe ameelewa atafanya nini, na lini.

Jambo la pili lilikuwa kwenye manukuu. Alikipa chombo kingine sauti iliyokwisha kutengenezwa, nacho kikageuza sauti kuwa maandishi yenye nyakati zake. Faili lilikuwa na kipande hiki:

```
14
00:01:52,300 --> 00:01:56,000
Mtoto ana homa tena lakini dozi
haijaisha, usikatishe.
```

Msemaji alikuwa amesema "hana homa tena." Herufi moja imepotea. Wanaofanya kazi na sauti za Kiswahili wanaijua ajali hii, maana h ya mwanzo wa neno hutamkwa kwa pumzi hafifu, na kukiwa na kelele kidogo tu, au neno lililotangulia likiishia kwa irabu, inamezwa. Lugha yetu imeweka sehemu ya ukanushi juu ya pumzi hiyo: ana na hana, una na huna, atapona na hatapona. Mashine inapobahatisha, zote mbili ni sentensi sahihi za Kiswahili, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu wa kukuonya. Na hapa maana iligeuka juu chini. Ushauri kwamba dozi iendelee hata homa ikishuka ukawa habari ya mtoto aliyerudiwa na homa katikati ya dawa, jambo ambalo lingemfanya mzazi aamini kwamba dawa imeshindwa.

Watazamaji wengi husoma tu bila kusikiliza, wakiwa kwenye daladala, ofisini au kando ya mtoto aliyelala. Kwao manukuu ndiyo video. Nilimwambia kijana afungue faili, atafute kila neno lenye ana, una na ndugu zake, na kwa kila moja asikilize sauti upya. Kwa video ya dakika sita kazi hiyo haichukui hata nusu saa. Kisha azime sauti kabisa na asome kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nirudi kwa daktari, kwa sababu yeye ndiye aliyedhulumiwa waziwazi. Mwaka uliotangulia alikuwa amekubali kuhojiwa, na mahojiano hayo aliyatoa kwa hiari. Kijana alikata kipande chake kisichofika dakika mbili, akakipa chombo cha kunakili sauti, na kuanzia hapo akawa na daktari wa kusema lolote. Kwenye swali la YouTube alijibu hapana. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa moyo mweupe: "Mwalimu, mimi nilidhani wanauliza kuhusu uongo. Maelezo yangu ni ya kweli."

Jibu hilo ndilo ninalolisikia mara nyingi zaidi. Swali haliulizi kama habari ni ya kweli. Kunakili sauti ya mtu mwingine ili isimulie kumetajwa na YouTube miongoni mwa mifano ya mambo ya kutangazwa, hata kama kila neno ni sahihi. Wengi huogopa kwamba jibu la ndiyo litawapunguzia watazamaji, ilhali YouTube imeeleza kuwa kutangaza peke yake hakupunguzi usambazaji wala mapato. Mwenye kuficha mara kwa mara ndiye anayeweza kuwekewa lebo na jukwaa lenyewe, kuondolewa video, au kusimamishwa kwenye mpango wa mapato.

Hata hivyo, angejibu ndiyo bado asingekuwa salama mbele ya daktari. Kutangaza ni haki ya mtazamaji. Idhini ni haki ya mwenye sauti. TikTok wameliweka hili wazi: wanataka maudhui ya akili mnemba yanayoonekana halisi yawekewe lebo, lakini sura au sauti ya mtu binafsi asiyeridhia hairuhusiwi hata ikiwa na lebo. YouTube nao tangu 2024 wana njia ya mtu aliyeigwa uso au sauti kuomba video iondolewe. Daktari angeweza kuitumia. Akaamua kupiga simu kwanza, na mimi ninamheshimu kwa hilo.

Mnajua aliipataje video? Aliletewa na shemeji yake kwenye kundi la WhatsApp la familia. Hakuwahi kuingia YouTube. Lebo ya jukwaa hukaa kwenye jukwaa, na mtu akiipakua video na kuisambaza, lebo haiendi nayo. Alama zinazofichwa ndani ya faili nazo hupotea kirahisi faili linapobanwa upya au skrini inaporekodiwa. Kwetu, ambako video inaishi zaidi kwenye makundi kuliko kwenye chaneli, tangazo la kweli ni lile lililomo ndani ya video: sekunde tano za mwanzo, kwa maandishi na kwa sauti, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu. "Sauti utakayoisikia imetengenezwa kwa kompyuta, kwa idhini ya mwenyewe." Kama huwezi kuisema nusu ya pili ya sentensi hiyo, basi usiitumie sauti hiyo.

Kijana aliiondoa video, akaenda kwa daktari na simu yake na skripti iliyoandikwa upya. Mzee alimkaribisha, akaisoma, akamrekebishia mahali pamoja zaidi: mashine ilikuwa imetamka barabara, kwa maana ya sawasawa, kama barabara ya magari, mkazo ukiwa mahali pasipo pake. Kisha akasema hataki kunakiliwa. Akakaa kwenye kochi lake na kurekodi dakika zote sita mwenyewe, akikohoa mara mbili, na kikohozi kimoja kimebaki mpaka leo. Kabla ya kupakia, kijana alinitumia faili la manukuu. Nilikwenda moja kwa moja namba 14, na h ilikuwepo.