Njia Nyingi, Mpokezi Mmoja: Nani Anamiliki Habari Tunazosikia?

(Mada iliyotolewa msikitini, Mlangali)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, wanazuoni wa Hadithi hawakuhesabu tu njia zilizoleta habari. Walitazama zinakutana kwa nani. Njia kumi zikirejea kwa mpokezi mmoja, hiyo ni habari ya mtu mmoja, wala haiitwi mutawaatir. Kanuni hii tuipeleke kwenye redio na magazeti.

Aprili 2009, Reginald Mengi (aliyefariki 2019), mmiliki wa IPP, aliwataja hadharani wafanyabiashara watano akiwaita "mafisadi papa". Alikuwa na televisheni ya ITV, Radio One na gazeti la Nipashe. Mmoja wa waliotajwa, Rostam Aziz, wakati huo Mbunge wa Igunga, naye alikuwa mmiliki wa magazeti ya Mtanzania na Rai. Siku chache baadaye alijibu kwa kumwita Mengi "fisadi nyangumi". Nani kati yao alikuwa mkweli, sisi si mahakimu.

Tumtazame msikilizaji. Tuseme usiku ameangalia ITV, asubuhi amefungua Radio One, na mchana amesoma Nipashe lililoletwa na basi. Atasema: "Nimeipata sehemu tatu, basi ni kweli." La! Ameipata kwa mpokezi mmoja aliyebadilisha kanzu mara tatu. Naye jirani yake, msomaji wa Mtanzania na Rai, yuko katika hali hiyo hiyo upande wa pili.

Wala mmiliki hahitaji kumpigia simu mhariri kila siku. Mhariri anamjua anayemlipa mshahara, na anamjua mfanyabiashara anayelipia matangazo. Neno la mwenye mali litapewa ukurasa wa kwanza, jibu la hasimu wake litawekwa pembeni ndani, na jambo linalomtia aibu halitaandikwa kabisa. Hilo la mwisho ndilo zito zaidi. Uongo uliosemwa waweza kukanushwa. Lililonyamaziwa, nani atalikanusha?

Yupo atakayesema: basi serikali imiliki vyote. Serikali ilitaifisha gazeti la Standard mwaka 1970, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilisikiliza Redio Tanzania peke yake miongoni mwa redio za nchini. Huyo naye ni mpokezi mmoja.

Allah (S.W.) ametuamrisha katika Surat al-Hujuraat, aya ya 6, tuchunguze habari tunayoletewa. Basi tujiulize: chombo hiki ni cha nani? Habari hii inamnufaisha nani? Aliyetuhumiwa amepewa nafasi ya kujibu? Na je, mwenye chombo kingine, asiye na maslahi katika ugomvi huo, amesema nini? Pasipo majibu, tusiipeleke habari hiyo barazani wala sokoni kana kwamba imethibiti.

Wabillahi tawfiiq.