Maneno ya Utafutaji Pale Takwimu Zinaposoma Sifuri: Mafunzo ya Makadamia kwa Kiswahili, Meru na Embu

Keyword Planner ya Google huonyesha makadirio ya mara ambazo maneno fulani hutafutwa kwa mwezi. Kwa akaunti isiyolipia matangazo hutoa viwango vipana tu, kama 10 hadi 100, na maneno yenye utafutaji mdogo huonekana kama sifuri au hayaonekani kabisa. Google Trends nayo hufanya kazi kwa sampuli, na kipimo chake cha 0 hadi 100 ni cha ulinganisho. Sifuri yake maana yake ni kwamba data haikutosha kuchorwa. Mwandishi wa mafunzo ya kilimo anayeandika kwa Kiswahili hukutana na sifuri hizi kila siku, na akizisoma kama ushahidi kwamba hakuna anayeuliza ataacha maswali mazito bila jibu.

Makadamia ya Meru na Embu ni mfano mzuri. Zao hili limekita mizizi huko kiasi kwamba mojawapo ya aina zilizochaguliwa na watafiti, EMB-1, ina jina la Embu. Tatizo kubwa la soko ni kokwa changa. Mabroka hufika mapema, mkulima huogopa wezi, na karanga huchumwa kabla mafuta hayajajaa, kisha bei ya kila mtu huporomoka. Swali la jinsi ya kutambua makadamia iliyokomaa basi lipo, tena lina uzito wa fedha. Kwenye kisanduku cha kutafuta, hata hivyo, hugawanyika vipande vipande. Mmoja huandika makadamia, mwingine macadamia, mwingine makademia. Mmoja huanza na “jinsi ya”, mwingine huandika maneno mawili tu, na mwingine huchanganya Kiswahili na Kiingereza katika mstari mmoja. Kila kipande peke yake hubaki chini ya kiwango cha kuhesabiwa.

Kazi huanzia kwenye mapendekezo yanayojitokeza mtu anapoandika, kwa kuwa hayo hutokana na utafutaji halisi na huweza kuonekana hata pale Keyword Planner inapokaa kimya. Dirisha la faragha hufunguliwa ili historia ya mtafiti mwenyewe isiingilie, na lugha na nchi hutajwa katika anwani:

```
https://www.google.com/search?q=makadamia&hl=sw&gl=ke
```

Shina fupi hufaa kuliko sentensi kamili. Huandikwa “makadamia” na nafasi, kisha herufi moja baada ya nyingine, na kila pendekezo hunakiliwa kama lilivyo, makosa ya tahajia yakiwemo. Baadaye shina hubadilishwa: “bei ya makadamia”, “miche ya makadamia”, “kuvuna makadamia”, halafu yote hurudiwa kwa tahajia ya macadamia. Zoezi hilohilo hufanywa YouTube, maana anayetaka kuona jinsi tunda linavyopasuliwa hutafuta video kabla ya maandishi.

Hatua ya pili ni kisanduku cha maswali yanayohusiana kwenye ukurasa wa matokeo. Swali moja likifunguliwa, mengine huongezeka chini yake. Kwa Kiswahili kisanduku hiki mara nyingi hakitokei, kwa hiyo utafutaji hufanywa kwa Kiingereza, nchi ikibaki Kenya, na maswali huletwa nyumbani. Hapa ndipo uangalifu unapohitajika zaidi. Swali la wakati wa kuvuna linaloulizwa Australia au Hawaii lina jibu jepesi: karanga huanguka zenyewe zikikomaa, nazo huokotwa chini. Meru na Embu wakulima wengi huchuma au hugonga matawi, kwa hiyo wanahitaji alama inayosomeka tunda likiwa bado mtini. Mkulima huchuma machache na kupasua ganda la nje: upande wa ndani ukiwa mweupe, tunda ni changa, ukiwa umegeuka kahawia, limekomaa. Kokwa iliyojaa mafuta pia huelea kwenye maji ya kawaida, na changa huzama. Swali ni lilelile, jibu ni jingine, na anayetafsiri ukurasa wa Australia neno kwa neno huwaachia wasomaji wake jibu lisilowafaa.

Maswali yakipungua, mtafiti huhamia mada jirani. Jirani wa kweli ni zao lililo mikononi mwa mkulima yuleyule, katika shamba lilelile, lenye uamuzi unaofanana. Kwa makadamia jirani huyo ni parachichi. Nalo huuzwa nje, huharibiwa na uvunaji wa mapema, na mamlaka za kilimo hufunga na kufungua misimu yake ya kuvuna. Mtindo wa swali kama “msimu wa parachichi unafunguliwa lini” unaweza kubadilishwa zao na kujaribiwa tena kwenye kisanduku. Kahawa ni jirani wa kupimwa kwa tahadhari. Buni hujitangaza kwa wekundu, lakini makadamia iliyokomaa hubaki kijani kwa nje. Tofauti hiyo yenyewe huzaa swali ambalo hakuna chombo kingelipendekeza: kama rangi haibadiliki, mtu atazame nini? Mkulima aliyelelewa na kahawa huuliza hivyo hasa, na mafunzo mazuri hulijibu mapema.

Chanzo cha nne kiko nje ya skrini. Katika vituo vya kununulia, kwenye agroveti, na katika vipindi vya kupiga simu vya redio za lugha za eneo hilo, kama Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, watu huuliza kwa kirefu yale wanayoyaandika kwa kifupi. Swali huandikwa kwanza kwa lugha ambayo liliulizwa, kisha Kiswahili chake pembeni. Maneno hayo ya mazungumzo hayafai kuwa kichwa cha ukurasa, kwa kuwa hakuna aandikaye hivyo kwenye kisanduku cha kutafuta, lakini huonyesha nini hasa hakijaeleweka.

Badala ya kuhesabu utafutaji, mtafiti huhesabu vyanzo. Swali lililojitokeza katika viwili kati ya vinne, yaani mapendekezo, maswali yanayohusiana, mada jirani na vinywa vya watu, linastahili kuandikiwa. Kisha maswali hupangwa kwa majibu yake, si kwa tahajia. Tahajia zote za ukomavu huingia ukurasa mmoja wenye makadamia kwenye kichwa na macadamia mara moja au mbili ndani ya maelezo. Swali la kufunguliwa kwa msimu hupewa ukurasa wake, kwa sababu jibu lake hubadilika mwaka hadi mwaka ilhali lile la rangi ya ganda halibadiliki.

Uthibitisho huja baada ya kuchapisha, kupitia Search Console. Maneno ya tahajia mbalimbali huchujwa kwa pamoja:

```
ma[ck]ad[ae]mia
```

Chombo hiki huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno ili kulinda faragha, na kwa lugha yenye utafutaji mdogo sehemu iliyofichwa huwa kubwa. Tuseme, kabla ya kichujio kuwekwa, ukurasa umeonekana mara 60, lakini mistari ya maneno ikijumlishwa inafika 15 tu. Zile 45 hazikupotea. Ni utafutaji uliofanywa kwa maneno ya nadra. Kwa hiyo jumla ya ukurasa ndiyo ya kufuatwa, na mistari inayoonekana hutumika kuongeza vichwa vidogo vilivyosahaulika. Ulinganisho nao hufanywa msimu kwa msimu: data hukaa miezi 16, muda unaotosha kuweka wiki za kuelekea mavuno ya mwaka huu kando ya zile za mwaka uliopita.