Shamba bila karatasi linasema kwa nani?

Maneno ya katibu wa chama chetu kwenye semina ya chuo kikuu, Uvira



Nimeombwa niwajulishe mgeni wetu. Yeye ni mutafiti wa mambo ya udongo. Anatembea vijiji vya Fizi na ulizo moja: mutu aliyekimbia bila karatasi anaonyesha nini ili wengine wakubali kwamba shamba ni lake?

Wengi wetu tulikimbilia Tanzania mwaka 1996 na 1998. Kuanzia Oktoba 2005 HCR ikaanza kurudisha watu kwa meli, toka Kigoma mpaka Baraka. Watu walishuka na masufuria na watoto waliozaliwa kambini. Shamba walikuwa nalo kichwani tu.

Tuchukue mfano. Tuseme baba alikimbia 1996. Mudogo wake alibaki, na mwaka 2003 akauza shamba kwa dola 300. Mnunuzi alipewa karatasi na shefu wa lokalite, mashahidi wakatia sahihi. Mwaka 2007 baba anarudi, anakuta mtu analima. Nani ana haki?

Wanafunzi wa sheria wanajua jibu la vitabu. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo ni wa Serikali, na haki ya kuutumia inathibitishwa na setifika ya usajili. Mashamba ya kijiji yaliachiwa amri ya Raisi ambayo ingeyapanga, lakini amri ile haikutoka. Kwa hiyo ile karatasi ya shefu inaonyesha tu kwamba pesa zilipita mkono. Si setifika. Baba hana karatasi, na mnunuzi naye hana ile inayotakiwa. Hapo ndipo watu wanaingia kwenye mambo ambayo mgeni wetu anayaandika.

Kwanza wanaangalia miti. Mungazi uliopandwa kabla ya vita umekuwa mrefu, mutu anaupanda kwa kamba. Ule wa mnunuzi bado mufupi. Pili wanatafuta makaburi ya wazee. Tatu wanaita majirani wa mipaka, kila mmoja anaonyesha peke yake mupaka unapita wapi, na wengine hawamsikii. Wakionyesha mahali pamoja, maneno yao yana uzito. Wakitofautiana, lazima kuuliza kama kuna ndugu wa mnunuzi kati yao. Na kama mingazi ilikatwa, ao muto ulihamisha njia yake, ushahidi umepotea, wanabaki wazee tu. Wazee nao wanakufa.

Baada ya hapo wanauliza swali la mwisho: mudogo alikuwa na ruhusa ya kuuza? Kama hapana, mara nyingi wapatanishi wanatafuta njia ya katikati. Mudogo anarudisha dola 300 na mnunuzi anatoka akisha kuvuna, ao wanakata shamba vipande viwili. Hakuna anayefurahi kabisa, lakini hakuna panga.

Sasa sikieni hatari yenyewe. Tuseme mnunuzi hakungojea, akaenda kuomba setifika. Kwa udongo wa vijijini, sheria inataka uchunguzi ufanyike kwanza kupitia ofisi ya teritware, kusudi mwenye haki nyingine ajitokeze. Anaweza kusema kwa mdomo tu, wakaandika. Ni mulango mzuri. Lakini mutu aliye Nyarugusu, ngambo ya ziwa, atasikia namna gani? Uchunguzi unapita, setifika inatoka. Miaka miwili ikipita bila mutu kuishambulia, shamba halirudi tena. Kinachobaki kudai ni fidia ya pesa. Baba akirudi mwaka wa tatu na majirani kumi wa kumshuhudia, amechelewa.

Ndiyo maana mambo haya si ya wazee wa kijiji peke yao. Ninyi wanafunzi, kesho mtakaa kwenye ofisi ya teritware, ao kwa mutunza hati, ao kwenye tribunali ya amani. Faili itawekwa mbele yenu. Mkiona imeandikwa kwamba hakuna aliyepinga, ulizeni: mwenye shamba alikuwa wapi siku ile? Jirani gani aliulizwa? Mingazi ni ya miaka mingapi?

Kwa wanachama na wale wanaotusaidia: kazi ya mgeni wetu inatuonyesha kwamba kuandika maneno ya majirani wangali hai, na kupeleka habari ya uchunguzi mpaka kambini, kunaweza kuokoa shamba kabla halijafika tribunalini.

Ndugu mutafiti, tunakuomba utujibu moja kabla ya yote: katika vijiji ulivyopita, majirani wakigongana kwa maneno, mti na kaburi vinatosha? Karibu, nafasi ni yako.