Kichujio cha Kompyuta ya Nyumbani: Kirekebishe, Usikizime

(Mazungumzo na wazazi, Nadapal)

Juzi mama mmoja aliniletea kompyuta ya familia yake. Alikuwa ameweka NextDNS, kichujio kinachozuia tovuti kwa makundi, ili watoto wasiingie kwenye kamari na picha chafu. Kilifanya kazi vizuri mpaka binti yake, aliye kidato cha tatu, alipofungua somo la kemia. Maandishi yalionekana, lakini mahali pa video palibaki peusi. Baba akasema kichujio kiondolewe. Nikamwomba asubiri kidogo.

Kichujio cha aina hii hakisomi ukurasa wala hakitazami picha. Kinaangalia jina la tovuti tu, na kundi ambalo jina hilo limewekwa. Video ya somo ilitoka YouTube, na mama alikuwa amefunga kundi zima la Video Streaming. Kwa kichujio, mwalimu wa kemia na filamu za usiku ni kitu kimoja.

Tulijuaje? Mama aliingia my.nextdns.io kwa akaunti yake, akafungua Logs, binti akajaribu video tena. Jina la YouTube likatokea limezuiwa, pamoja na sababu. Kama hakuna jina lililozuiwa hapo, kichujio hakina kosa. Huenda ni mtandao tu, na wetu mnaujua.

Kisha tukaenda Parental Control. Tuliondoa kundi la Video Streaming peke yake, halafu tukaongeza Netflix na TikTok mojamoja kwenye orodha ya tovuti na programu zinazozuiwa. Tukawasha YouTube Restricted Mode, inayoficha video nyingi za watu wazima. Haifichi zote, na mara nyingine huficha hata somo zuri. Makundi ya Porn na Gambling hatukuyagusa.

Mama aliuliza kwa nini tusiandike YouTube kwenye Allowlist, yaani orodha ya ruhusa. Orodha hiyo inashinda vizuizi vingine vyote, hata vya usalama, na hufungua kila tawi la tovuti. Ninaitumia kwa tovuti ndogo ninayoijua, kama ya shule, iliyozuiwa kimakosa.

Video bado ilikataa, kwa sababu kompyuta ilikuwa inakumbuka jibu la zamani. Kwenye Windows tuliandika amri hii, kisha tukafunga kivinjari na kukifungua upya:

```
ipconfig /flushdns
```

Somo likacheza. Baba akajaribu tovuti ya kamari, ikakataa. Jaribio hilo la pili msiliache, maana ndilo linaloonyesha kwamba ulinzi bado upo.

Jambo moja zaidi. Huduma ya bure ina kikomo cha maombi 300,000 kwa mwezi. Yakiisha, intaneti huendelea lakini kichujio huacha kuzuia hadi mwezi mpya, na hamtaona dalili yoyote kwenye video. Mama sasa hutazama hesabu hiyo kila Jumapili jioni.