Nani Yupo Ijumaa Mchana? Mazungumzo Juu ya Kikundi cha Waangalizi wa Moto



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kuunda kikundi cha waangalizi wa moto katika makazi ya pamoja. Kazi yangu ni ya kufasiri, na kwa kazi hiyo nimekaa kando ya wakufunzi wengi nikiyageuza maneno yao kwa Kiswahili. Lakini leo nitasimulia yaliyotukuta sisi wenyewe, hapa Maskati, katika ua wetu wenye majengo matatu na nyumba kumi na nane, kwani kosa letu ndilo lililotufundisha zaidi.

Tulipoanza, tuliwaandika watu wanane waliojitolea. Tukafanya zoezi Jumanne baada ya sala ya Isha, na kwa dakika nne kila mtu alikuwa nje. Tukapongezana. Katika mkutano uliofuata, mama mmoja wa jengo la pili akauliza swali dogo: "Je, Ijumaa saa sita na nusu mchana, nani yupo?" Tukahesabu. Sita kati ya wale wanane walikuwa wanaume, na wote huwa msikitini saa hiyo. Wa saba huwa kazini. Aliyebaki ni mmoja, naye ana mtoto mchanga. Na hiyo ndiyo saa ambayo majiko karibu yote ya ua huwa yanawaka.

Tulifanya zoezi la pili Ijumaa hiyo hiyo mchana, kwa idhini ya wakaazi. Watu walitoka, lakini lango kubwa la magari halikufunguka. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mlinzi, na mlinzi alikuwa katika safu ya sala. Laiti ungekuwa moto wa kweli, gari la zimamoto lingesimama nje ya lango.

Tangu hapo hatugawi kazi kwa kutazama nani ana hamu. Tunachora jedwali la saa za juma: asubuhi, mchana, jioni, usiku, na Ijumaa mchana peke yake. Kila kazi inaandikiwa mtu katika kila saa, pamoja na naibu wake. Kisanduku kisichokuwa na jina ni pengo, nasi hatufungi mkutano mpaka kizibwe. Kwa njia hii akina mama, ambao mwanzo tuliwaacha pembeni, ndio sasa wanaoshika zamu nyingi za mchana.

Kazi zenyewe ni nne. Ya kwanza ni ya mpiga simu. Hapa Omani namba ni 9999. Husema kwanza mtaa, namba ya njia na namba ya jengo, kisha kinachowaka, kisha kama kuna mtu aliyebaki ndani, wala hakati simu kabla ya kuruhusiwa. Tumeibandika anwani hiyo nyuma ya mlango wa kila nyumba, kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu husahau hata namba ya njia anayoishi.

Ya pili ni ya mgonga milango, mmoja kwa kila ghorofa. Hugonga kwa nguvu, huita "Moto! Tokeni nje!", na hushuka kwa ngazi pamoja na wa mwisho. Kabla ya kufungua mlango wowote huugusa kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, hauachi ukafunguka. Asipojibiwa, haingii kutafuta. Hukumbuka namba ya nyumba na kuteremka. Tulijifunza pia kwamba baadhi ya akina mama walichelewa wakitafuta buibui chumbani. Sasa kila nyumba hutundika nguo ya stara kwenye msumari karibu na mlango wa kutokea.

Ya tatu ni ya mfungua lango. Yeye na naibu wake kila mmoja ana ufunguo wake, mbali na ule wa mlinzi. Huondoa magari yanayoziba njia, kisha husimama barabarani kuwaongoza wazimamoto.

Ya nne ni ya mhesabu. Husimama mahali pa kukusanyika akiwa na orodha ya nyumba, si ya majina ya watu tu, kwa kuwa wageni huja na kuondoka. Kazi yake ni kumwambia mkuu wa wazimamoto jambo moja kwa uhakika: "Nyumba namba saba haijajibu." Neno hilo huwaonyesha wapi waanze kutafuta.

Mtaona kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kuzima moto. Mtungi wa kuzimia moto hutumiwa tu ikiwa moto ni mdogo, haujapita ukubwa wa kapu la taka, simu imekwisha kupigwa, na njia ya kutokea iko mgongoni mwako. Vuta pini, elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, bana mpini, fagia huku na huku. Mtungi wa kawaida wa unga huisha chini ya nusu dakika. Ukiisha na moto haujazimika, funga mlango uondoke. Mafuta yakishika moto kikaangoni, usimwage maji: zima gesi ikiwa unaifikia, funika kwa mfuniko, wala usiibebe sufuria.

Sasa ukaguzi wa kila mwezi. Tunaufanya Jumamosi ya kwanza, nao huchukua kama saa moja. Anayekagua ni yule yule atakayekitumia kifaa siku ya moto. Kwenye mtungi tunatazama mshale uwe katika sehemu ya kijani, pini iwepo na lakiri yake haijakatika, mpira usiwe na ufa wala kiota cha wadudu mdomoni. Mtungi wa hewa ya kaboni hauna mshale, hujulikana kwa kupimwa uzito. Huo tunamwachia fundi anayekuja kila mwaka, nasi tunahakikisha tarehe ya kibandiko chake haijapita.

King'ora cha moshi tunakibonyeza kitufe, lakini mtu mmoja huwa amelala chumbani, mlango umefungwa na kiyoyozi kinavuma. Asiposikia, king'ora hicho hakijafaulu, hata kikilia vizuri sebuleni. Katika nyumba mbili ilitubidi tuongeze cha pili ukumbini mwa vyumba vya kulala.

Mlango wa ngazi tunaufungua kabisa na kuuachia. Lazima ujifunge wenyewe mpaka kitasa kishike. Mwezi mmoja tuliukuta umezuiwa kwa jiwe ili upepo upite, na katoni ya jokofu imeachwa chini ya ngazi. Jiwe lile lingeuruhusu moshi upande ghorofa ya juu kabla ya watu kuamka.

Mwisho wa ukaguzi tunalisoma jedwali kwa sauti, jina kwa jina. Nani amehama? Nani amebadilishiwa zamu kazini? Nani yuko likizo nyumbani Unguja au Mombasa? Mwezi wa Julai uliopita mitungi yote ilikuwa salama, lakini majina matatu yalikuwa ya watu waliosafiri. Basi mkirudi kwenu usiku wa leo, chukueni karatasi, andikeni hizo kazi nne, kisha jiulizeni swali la yule mama: Ijumaa mchana, nani yupo?