Rangi Isiyochuja Katika Nguo ya Pamba



Chukueni mfano wa mama mmoja aliyetia bafta rangi nyekundu, akauza vitambaa vya meza. Mnunuzi alipofua chake pamoja na shuka nyeupe, shuka zote zilitoka nyekundu, naye akarudi kudai fedha yake na gharama ya shuka. Mama yule alikuwa ametia chumvi na siki, kwa kuwa aliambiwa kwamba hushika rangi. Kosa lilikuwa hapo.

Siki husaidia rangi za sufu na hariri, ambazo ni nyuzi za wanyama. Pamba ni mmea, na siki haiifungi rangi yake. Chumvi nayo huisukuma rangi kutoka majini hadi kwenye uzi, lakini haiifungi. Kifungo cha pamba ni magadi meupe ya unga, yale ya kufulia. Nayo hutumiwa na rangi za namna iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, ambazo huungana na uzi wenyewe. Mwenye duka aulizwe kama rangi yake hutumiwa kwa magadi na maji ya vuguvugu.

Kwa nusu kilo ya bafta kavu, kazi ni hii. Kwanza ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto ili wanga utoke. Katika lita 10 za maji ya vuguvugu yayeyushwe gramu 10 za rangi na nusu kilo ya chumvi. Bafta iingizwe, igeuzwe kwa dakika 20. Kisha isogezwe kando, na gramu 100 za magadi yaliyokwisha kuyeyushwa zimiminwe polepole. Bafta ikae saa moja zaidi, ikigeuzwa mara kwa mara. Mikono ivikwe glavu, maana magadi huchoma ngozi.

Hata hivyo, si rangi yote hufika kwenye uzi. Sehemu yake huungana na maji, na hiyo haitashika pamba kamwe. Ndiyo sababu maji ya rangi yaliyotiwa magadi hayafai kuwekwa hadi kesho. Rangi hiyo iliyobaki ndiyo ichujayo, nayo sharti itolewe: bafta isuuzwe kwa maji baridi, kisha ifuliwe kwa sabuni na maji yanayokaribia kuchemka, tena na tena, mpaka maji yawe meupe.

Kabla ya kuuza, kitambaa cheupe chenye unyevu kiwekwe juu ya bafta na kupigwa pasi ya moto. Kikichukua rangi, kufua hakujakwisha.

Lakini iwapo uzi wa nguo haukubali rangi hii, kazi hii yote ni bure. Uzi mmoja uchomwe. Ukinuka kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba au uzi mwingine wa mmea. Ukinuka kama nywele, ni sufu au hariri. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu, ni uzi wa kiwandani, na rangi hii haitaushika hata magadi yakiongezwa.